Siku za kitandani zisihesabiwe kama utoro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Wiki iliyopita nilikuta jina langu kwenye ubao wa matangazo wa kitivo, katika orodha ya wanafunzi waliozuiwa kufanya mitihani ya mwisho wa muhula. Mbele ya jina pameandikwa mahudhurio asilimia 69. Kanuni ya chuo chetu, kama ilivyo kwa vyuo vingi nchini, inataka asilimia 75.

Sikuwa mtoro. Nilikuwa naumwa kifua kikuu.

Nilianza kukohoa kabla hata muhula haujafunguliwa, nikadhani ni mafua ya kawaida. Kufikia wiki ya nne shuka lilikuwa linalowa jasho kila usiku na sketi zinanivuka kiunoni. Makohozi yakapimwa, majibu yakatoka siku hiyohiyo. Daktari alinianzishia dawa na kuniambia nirudi nyumbani, nisiingie darasani wiki mbili za mwanzo, kwa sababu muda huo mgonjwa bado anaweza kuambukiza wengine. Darasa letu lina watu karibu 200 na madirisha ya upande mmoja hayafunguki. Baada ya hizo wiki mbili akaniongezea nyingine mbili, kwa kuwa nilikuwa siwezi kupanda ngazi bila kukaa chini.

Kila alfajiri kabla ya kula nilimeza vidonge vitatu vikubwa, mama amesimama mlangoni na kikombe cha maji. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa na viungo vikauma. Mama akiweka alama kwenye kadi ya matibabu, kiboksi kimoja kwa kila siku. Kadi hiyo ninayo hadi leo, maana dozi ni miezi sita. Hakuna siku iliyorukwa.

Sasa naomba msomaji anifuate kwenye hesabu, kwa sababu kiini cha rufaa yangu kiko hapo. Muhula wetu una wiki 15 za masomo. Somo la uhasibu wa gharama lina vipindi vitatu kwa wiki, jumla 45. Asilimia 75 ya 45 ni vipindi 34. Mtu akikosa wiki nne tu, amekosa vipindi 12, amebaki na 33. Yaani hata asipokosa kipindi kingine chochote, hata akihudhuria kila siku iliyobaki, yuko asilimia 73 na mtihani hafanyi. Mimi nilikosa hivyo 12, pamoja na viwili vilivyogongana na siku zangu za kwenda kliniki kuchukua dawa. Nikabaki na 31. Na kwa kuwa wiki nne hizo zimepita kwenye masomo yote, nimezuiwa katika masomo yote matano, ingawa alama zangu za majaribio ya muhula zinatosha kuniingiza kwenye mtihani. Katika uhasibu wa gharama nina 26 kati ya 40.

Kwa maneno mengine, siku daktari aliponiongezea zile wiki mbili za pili, nilikuwa nimeshazuiwa mtihani, na hakuna aliyeniambia.

Ofisini niliulizwa kwa nini sikuomba kuahirisha muhula. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba ombi hilo lina mwisho wake, na tarehe ile ilinikuta kitandani. Niliporudi wiki ya tisa mwili ulikuwa na nguvu, nikanakili madaftari ya wenzangu, nikafanya jaribio nililolikosa, nikafaulu. Sikuona sababu ya kuacha muhula ambao nilikuwa nauweza.

Barua ya daktari niliipeleka wiki hiyohiyo niliyorudi. Niliikabidhi kwa mshauri wa wanafunzi, kama tulivyoelekezwa tulipojiunga, naye akaiweka kwenye faili. Lakini mahudhurio hayahesabiwi na mshauri. Yanahesabiwa na mwalimu wa somo, kutokana na karatasi inayozungushwa darasani. Mwalimu hajawahi kuliona faili, na mshauri hajawahi kuiona karatasi. Mwisho wa muhula namba zinapelekwa kwa mratibu wa mitihani zikiwa namba tupu: aliyelazwa na aliyekuwa kijiweni wanasomeka sawasawa. Nilipomwonyesha mratibu kadi yangu ya matibabu alinijibu kwa upole, "Mwanangu, mimi nasoma kilicholetwa hapa. Chini ya 75 haingii." Simlaumu yeye. Amepewa namba, hakupewa sababu.

Na lipo jambo ambalo wanafunzi wote wanalijua. Karatasi ile hupita mikononi mwa watu 200, na wapo wanaosainiwa na marafiki. Wenzangu wawili waliniandikia ujumbe nikiwa nyumbani, kwamba wataniwekea saini. Niliwakatalia, kwa kuwa nilikuwa na barua halali na niliamini itatosha. Ningekubali, leo nisingekuwa kwenye ubao.

Naielewa hoja ya walimu. Kanuni ya mahudhurio ipo ili asiyesoma asije kubahatisha kwenye mtihani, na kwa masomo ya maabara au mazoezi ya wodini ni sahihi kabisa kudai kazi ya vitendo ifidiwe kwanza. Ninachoomba si kufutiwa kanuni. Naomba siku zilizothibitishwa na daktari ziondolewe kwenye jumla kabla ya kugawanya. Vipindi 45 vikitolewa 14 vya ugonjwa na kliniki vinabaki 31, na mimi nilihudhuria vyote 31. Mtoro hatafaidika na hesabu hii, kwa sababu hana karatasi ya daktari wala kadi yenye alama za kila siku.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni kalenda. Orodha ya waliozuiwa imetoka siku kumi kabla ya mitihani. Rufaa inapitia kwa mkuu wa idara, kisha mkuu wa kitivo, ndipo ifike kwenye kamati. Nimeambiwa kamati itakaa mwezi ujao, mitihani ikiwa imekwisha. Nikishinda rufaa wakati huo nitakuwa nimeshinda nini? Masomo haya hufundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo nitasubiri mwaka mzima kuyasoma tena.

Kwa hiyo naomba uongozi wa chuo utoe ruhusa ya muda: mwenye rufaa iliyo na vithibitisho vya hospitali aingie kwenye mtihani, karatasi zake zisahihishwe, matokeo yafungiwe mpaka kamati iamue. Kamati ikikataa, matokeo yafutwe na chuo hakitakuwa kimepoteza kitu. Na kama hilo haliwezekani, basi nipangiwe mitihani maalumu wakati wa marudio, ihesabiwe kuwa mtihani wangu wa kwanza. Si haki nipewe marudio yenyewe, ambayo hata ukifanya vizuri namna gani alama yake ina kikomo, kana kwamba niliwahi kufeli.

Rufaa yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa Alhamisi, ikiwa na barua ya daktari, nakala ya kadi na barua ya mwalimu mmoja aliyekubali kuandika kwamba nilifidia kazi zake zote. Mtihani wa kwanza ni Jumatatu saa 3 asubuhi.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili,
Dar es Salaam