Ukiona todas peke yake

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na Mama anauliza lini utakuja. Kurasa za tafsiri yako kutoka Kihispania nimezisoma jana usiku, na swali lako, ufanye nini na jozi za kiume na kike kama todos y todas, nalijibu leo kabla kazi hazijanizonga.

Unasema “wote wa kiume na wote wa kike” imekukaa mdomoni kama mchanga. Ifute. Waulize kwanza wenye lugha yao kwa nini wanarudia. Kwa Kihispania, trabajadores wanaweza kuwa wafanyakazi mchanganyiko, wanaweza pia kuwa wanaume watupu. Chuo cha Kifalme cha lugha yao kinashikilia kwamba umbo la kiume linatosha kubeba wote. Wasiokubali wanasema mwanamke asisubiri kukisia kama na yeye yumo, atajwe. Ndiyo maana wanaandika trabajadores y trabajadoras. Sisi utata huo hatukuwa nao tangu mwanzo: “wafanyakazi” hawaulizwi jinsia.

Chukua Katiba ya Venezuela ya mwaka 1999, ambayo imeandikwa hivyo karibu yote. Ibara ya 41 inaanza na “Sólo los venezolanos y venezolanas por nacimiento”, kisha inakuja “Presidente o Presidenta”, halafu “Vicepresidente Ejecutivo o Vicepresidenta Ejecutiva”, na orodha inaendelea hivyo hivyo, cheo baada ya cheo. Mimi ningeandika: “Ni Wavenezuela wa kuzaliwa tu, wasio na uraia mwingine, wanaoweza kushika nafasi ya Rais wa Jamhuri, Makamu Mtendaji wa Rais...” Nusu ya maneno imeondoka na hakuna haki hata moja iliyopotea. Kilichopotea ni ule msisitizo wa makusudi, maana walioiandika walitaka usikike. Huo nauweka katika dokezo moja la mtafsiri mwanzoni, basi. Ukiurudisha kila mstari, msomaji wetu atadhani sheria inawatenga wanaume na wanawake kwa vyeo.

Hotuba ni habari nyingine. Msemaji akifungua kwa “compañeros y compañeras”, hapo kuna mdundo na kuna heshima, na sisi tuna vyetu: “Ndugu zangu, wake kwa waume.” Mara moja, pale mwanzoni. Baadaye “ndugu zangu” inatosha, kwani ndugu ni wote.

Sasa nikuambie paliponiumiza mimi. Mwaka wangu wa kwanza nililetewa tangazo la mkutano: “Invitamos a todas las trabajadoras.” Mkono ulishazoea kufuta jinsia, nikaandika “Tunawaalika wafanyakazi wote.” Siku ya mkutano wanaume wakajaa viti vya mbele, na mada ilikuwa likizo ya uzazi na usumbufu wa mabosi. Akina mama walikaa kimya saa nzima. Kosa lilikuwa langu: todas ilisimama peke yake, bila mwenzake todos, na hapo jinsia ndiyo habari yenyewe. Ilipaswa kuwa “wafanyakazi wanawake wote”. Tangu siku hiyo, nikimaliza rasimu narudi kwenye matini ya Kihispania kutafuta kila umbo la kike linalohusu watu. Likiwa na jozi, naliacha lipite. Likiwa pweke, nahakikisha kwamba “wanawake” ipo upande wetu.

Kuhusu todes kwenye ukurasa wako wa tatu: hiyo -e ni ya wale wasiotaka kuwekwa upande wowote, na tofauti na todxs au tod@s, inatamkika. Katika tangazo la kawaida, “wote” inaibeba bila taabu. Shida ni yule kijana wako wa hadithi anayemwambia mama yake asimwite él ya kiume wala ella ya kike, amwite elle. Umeandika “usiniite yeye wala yeye, niite yeye.” Nimecheka mpaka chai imemwagika! Kiwakilishi chetu hakina pa kushika, kwa hiyo hamisha ugomvi uende kwenye maneno yetu yanayobagua: binti, kaka, dada, shangazi, mjomba. Kwa mfano: “Mama, usiniite binti yako, wala usiseme kijana wako wa kiume. Sema mwanangu.” Mama wa Kiswahili akisita hapo, msomaji anaona kilichomkwama. Lakini ujue gharama yake: katika asili kila sifa inayomhusu kijana inaishia na -e, na ule ukaidi wa kila sentensi hatuwezi kuvuka nao. Chagua mahali pawili au patatu penye joto la mazungumzo, kwingine uache.

Nitumie tena ukurasa wa tatu ukishaugeuza, na lile neno la tangazo la ukurasa wa kwanza, profesorado, ni “walimu” tu, usihangaike nalo.

Wako,
Salma