"Ndani ya siku 2 za kazi": tunavyosoma skrinshoti kabla ya kudai mzigo uliochelewa

Skrinshoti nyingi tunazoletewa zimekatwa juu na chini, imebaki sentensi moja ya kampuni ya usafirishaji: "Utafika ndani ya siku 2 za kazi." Kwa sentensi hiyo peke yake hatuwezi kukuandikia dai. Haionyeshi ilisemwa lini, ilikuwa inajibu swali gani, wala siku hizo mbili zinaanza kuhesabiwa wapi.

Kinachosumbua zaidi ni tarehe. Kila ujumbe wa WhatsApp una saa yake pembeni, lakini siku imeandikwa juu ya kundi la jumbe, tena kwa ujumbe wa karibuni inaandikwa "Leo", "Jana" au jina la siku tu. Ukipiga skrinshoti siku hiyohiyo, miezi miwili baadaye hiyo "Leo" haimwambii mtu kitu. Rudi kwenye chati wiki ikishapita, tarehe kamili itakuwa imejitokeza, kisha piga upya. Ile ya zamani usiifute, kwa sababu jina la faili lake mara nyingi lina tarehe na saa ilipopigwa. Ututumie kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida WhatsApp huibana na jina la awali hupotea.

Sasa tuchukue mfano wa mzigo wa Dar es Salaam kwenda Mwanza. Alhamisi tarehe 24 Aprili 2025, saa 11:40 jioni, kampuni inaandika: "Mzigo ukipokelewa ofisini kabla ya saa 10 jioni, utafika Mwanza ndani ya siku 2 za kazi." Mteja anaupeleka Ijumaa, na risiti inasoma 16:25. Yeye anahesabu Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo kufikia Jumatatu ameshakasirika.

Hesabu yake haisimami. Jumamosi ile ilikuwa tarehe 26, Sikukuu ya Muungano, na Jumapili haimo kwenye siku za kazi. Mzigo ungepokelewa Ijumaa kabla ya saa 10, siku ya kwanza ingekuwa Jumatatu 28 na ya pili Jumanne 29. Lakini umechelewa dakika 25, na kampuni itasema umehesabiwa kuwa wa Jumatatu, hivyo mwisho ni Jumatano 30. Ujumbe wenyewe haukusema mzigo wa baada ya saa 10 unahesabiwaje, ila sisi hupima kwanza kwa hesabu iliyo kali zaidi kwa mteja. Dai likisimama hapo, limesimama.

Tukishuka chini kwenye chati ileile, sehemu ambayo mteja aliikata, tunakuta kitu kizito zaidi. Ijumaa saa 11:02 jioni mteja ameuliza, "Kwa hiyo Jumanne utakuwa umefika Mwanza?" Mhudumu akajibu kwa kulinukuu swali hilo: "Ndiyo dada." Hapo mzigo uko mikononi mwao, risiti imeshatoka, na siku imetajwa. Hii ndiyo ahadi tunayoidai: Mwanza, Jumanne tarehe 29. Mzigo ulifika Ijumaa tarehe 2 Mei, kwa hiyo umechelewa hata kwa hesabu ya Jumatano. Mlangoni kwa mpokeaji hakukuahidiwa, na hatutakuandikia kwamba kuliahidiwa. Mhudumu angejibu "tutajitahidi" au "kwa kawaida hufika", tungerudi kwenye ule ujumbe wa Alhamisi.

Ndiyo maana tunaomba pia chati nzima. Kwenye Android, gusa vidoti vitatu, kisha More, kisha Export chat, bila picha. Utapata faili la maandishi lenye mistari ya namna hii:

```
25/04/2025, 17:02 - Huduma Mizigo: Ndiyo dada
```

Tarehe na saa zimekaa kwenye kila mstari, lakini swali lililonukuliwa halionekani. Skrinshoti inaonyesha "ndiyo" ni ya swali lipi, faili linaonyesha ni ya lini, kwa hiyo tunahitaji vyote viwili. Kama ulikuwa Dubai wakati huo, tuambie: simu huonyesha saa ya mahali ilipo, na kule wako saa moja mbele yetu.

Jina "Huduma Mizigo" hapo juu ni lile ulilohifadhi wewe kwenye simu, na mtu yeyote anaweza kuhifadhi namba yoyote kwa jina hilo. Fungua wasifu wao upige skrinshoti ya namba, tuilinganishe na iliyo kwenye risiti. Angalia pia kama ujumbe wenye ahadi una neno Edited karibu na saa. WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, na saa inayobaki ni ya ujumbe wa kwanza, si ya marekebisho.

Mwisho, piga picha risiti pande zote mbili. Masharti ya fidia na muda wa kuwasilisha dai mara nyingi yamechapwa nyuma, na tunayasoma kabla hatujaandika barua.