Gemu yetu ya bao inajifunga yenyewe kwenye simu za zamani: kilichotokea na cha kufanya

Habari wadau. Tangu tutoe toleo la 15 la gemu yetu ya bao tumepokea meseji nyingi sana WhatsApp na karibu zote zinasema kitu kimoja, yaani ukigusa ile alama ya gemu kioo kinakuwa cheusi, au unaona picha ya ubao kidogo tu, halafu gemu inajifunga na kukurudisha ulikotoka. Wenye simu mpya hawana shida kabisa, wanacheza vizuri. Wenye simu za zamani ndo wanateseka. Leo tunaeleza tatizo liko wapi, maana tumegundua watu wanapoteza hela na vitu vyao kwa kujaribu kurekebisha simu ambayo haina kosa lolote.

Kilichotuuma zaidi ni dada mmoja mteja wetu wa Mbagala. Simu yake ina RAM ya GB 1 na Android 8.1. Gemu ilipogoma akajaribu kuifuta na kuiweka tena mara tatu, bando likaisha, akaenda kwa fundi akaambiwa simu ina virusi inabidi iflashiwe, akalipa, ikaflashiwa, picha za mtoto wake zikapotea na gemu ikagoma vilevile. Alipotuletea simu ofisini tuliichomeka kwenye kompyuta na ndani ya dakika kumi tukaona kosa, na kosa lilikuwa letu. Tulimwomba radhi na tunaomba radhi kwa wengine wote mliopitia kitu kama hicho.

Sasa, mle ndani simu iliandika hivi wakati gemu inajifunga:

```
java.lang.RuntimeException: createContext failed: EGL_BAD_CONFIG
```

Maana yake ni kwamba gemu iliomba kuchora kwa njia ambayo chipu ya grafiki ya simu ile haiijui. Kila simu ya Android ina chipu inayoshughulika na kuchora vitu kwenye kioo, na gemu huongea nayo kwa lugha inaitwa OpenGL ES. Lugha hiyo ina matoleo. 2.0 ilitoka mwaka 2007, 3.0 ikatoka 2012. Gemu yetu hadi toleo la 14 ilikuwa inatumia 2.0, kwenye toleo la 15 tukabadilisha injini ili tupate vivuli vya kete na mwanga mzuri kwenye ubao, na ile injini mpya inataka 3.0 kuanzia sekunde ya kwanza. Chipu isiyoijua 3.0 inakataa palepale, na gemu isipopata pa kuchora haiwezi hata kukuonyesha ujumbe wa kukueleza kilichotokea kama hatujaiandalia njia ya kufanya hivyo, na hatukuiandalia. Ndo maana unaona weusi tu halafu basi.

Hapa kuna kitu kinachowachanganya watu wengi, hata mafundi. Watu wanaangalia namba ya Android. Yule dada alituambia, na ni kweli, kwamba Android 8.1 siyo ya zamani hivyo, na rafiki yake ana Android 6 na gemu inafunguka. Kumbe namba ya Android ni ya programu, chipu ni kifaa chenyewe na haibadiliki hata uapdeti mara ngapi. Android ilianza kuielewa OpenGL ES 3.0 toka toleo la 4.3, lakini hiyo haisaidii kama chipu yenyewe haiijui. Simu ya yule dada ina chipu ya MediaTek MT6580, ambayo ndani yake grafiki ni Mali-400. Mali-400 ilitangazwa mwaka 2008, kabla hata hiyo 3.0 haijakuwepo, na mwisho wake ni 2.0. Ila kwa sababu ni ya bei nafuu iliendelea kuwekwa kwenye simu za bei ya chini kwa miaka mingi sana, kwahiyo unaweza ukanunua simu mpya kabisa dukani, ikiwa kwenye boksi lake, ina Android 8.1 na moyo wa 2008. Rafiki yake mwenye Android 6 alikuwa na simu iliyouzwa ghali wakati wake, chipu yake inaijua 3.0.

Kama wewe ni fundi, au una kompyuta na waya na umeshawahi kutumia adb, unaweza kuthibitisha kwa mstari mmoja:

```
adb shell getprop ro.opengles.version
```

Ikijibu 131072 hiyo ni 2.0, ikijibu 196608 ni 3.0, na namba kubwa zaidi ya hapo ni 3.1 au 3.2. Simu ya yule dada ilijibu 131072. Kwahiyo mafundi tunawaomba, mkiletewa simu yenye jibu hilo na gemu inajifunga mwanzoni kabisa, msiiflashi. Kuflashi hakuwezi kuongeza uwezo kwenye chipu, hata uweke Android gani.

Mtu anaweza kuuliza, sasa kwanini Play Store iliwaruhusu hawa watu kuishusha? Ni swali zuri na jibu ni kosa letu lingine. Mtengenezaji anatakiwa aandike kwenye faili la gemu kwamba inahitaji OpenGL ES ya namba fulani, na Play Store ikiona hivyo inaificha gemu kwa simu zisizoweza. Usipoandika chochote inachukulia kwamba unahitaji ile ya chini kabisa, ambayo kila simu inayo. Sisi tulisahau ule mstari. Lakini hata tungeukumbuka, wengi wenu mnarushiana gemu kwa Xender kutoka simu moja kwenda nyingine ili kuokoa bando, na huko hakuna anayekagua kama simu inayopokea inaweza. Hatuwalaumu kwa hilo, bando ni ghali. Ndo maana tumeamua kuirekebisha gemu yenyewe badala ya kuwafungia mlango.

Tatizo la pili ni tofauti na hili, na tulichelewa kuligundua kwa sababu tulidhani wote mna shida moja. Kuna wateja simu zao zina chipu nzuri tu, tuseme Android 9, 10 au 11, wao wanaona picha ya ubao, wanasikia hata mlio wa kete kidogo, halafu ndo gemu inajifunga. Hiyo ni ruhusa.

Mnajua kwamba mnaweza kucheza watu wawili kwa Bluetooth. Gemu ikifunguka huwa inaangalia simu ambazo ulishaunganisha nazo ili ikuwekee jina la mwenzako juu pale. Kuanzia Android 12, iliyotoka 2021, kazi hiyo inahitaji ruhusa mpya inaitwa BLUETOOTH_CONNECT. Tulipoandika toleo la 15 tukaiweka hiyo mpya na tukaifuta ile ya zamani tukidhani haina kazi tena. Kumbe Android 11 kurudi nyuma haiijui kabisa hiyo mpya, inaipita tu kama haipo, na inatafuta ile ya zamani. Haikuti. Inaandika hivi na kuiua gemu:

```
java.lang.SecurityException: Need BLUETOOTH permission
```

Wateja wengi mlienda kwenye mipangilio, sehemu ya ruhusa za gemu, mkatafuta mwashe nini, mkakuta hamna kitu cha Bluetooth pale. Hamkukosea. Ile ruhusa ya zamani ni ya aina inayotolewa yenyewe wakati wa kuinstoo, haionyeshwi kwenye ile orodha ya kuwasha na kuzima kama kamera au maiki, kwahiyo kama mtengenezaji hakuiandika hakuna kitufe popote kwenye simu yako kitakachokusaidia. Ni sisi tu tunaoweza kuirudisha, na marekebisho yenyewe ni mistari miwili, wa zamani kwa simu za zamani na mpya kwa simu mpya:

```
<uses-permission android:name="android.permission.BLUETOOTH"
    android:maxSdkVersion="30" />
<uses-permission android:name="android.permission.BLUETOOTH_CONNECT" />
```

Hiyo 30 ni namba ya ndani ya Android 11, yaani mstari wa kwanza unafanya kazi hadi hapo tu.

Kwa hawa wa ruhusa kuna njia ya kucheza hata leo. Zima Bluetooth kwanza ndo ufungue gemu. Kwenye simu zote nne tulizojaribu, Bluetooth ikiwa imezimwa gemu inafunguka na unacheza na kompyuta kama kawaida, ukiiwasha na kufungua upya inajifunga. Hicho pia ni kipimo kizuri, maana kama umezima Bluetooth na bado ni weusi tu bila kuona ubao, basi yako ni ile ya grafiki.

Jambo moja tafadhali sana, usifute data za gemu kwenye mipangilio. Hakusaidii kwenye tatizo lolote kati ya haya mawili, na rekodi yako yote ya michezo uliyoshinda inaondoka kwa sababu inakaa kwenye simu yako, sisi hatuna nakala.

Toleo la 16 tumeshalimaliza na linapanda Play Store wiki hii. Ruhusa zote mbili zipo. Na kwenye grafiki, gemu sasa inaiuliza simu kwanza uwezo wake, ikiambiwa 2.0 inachora kwa njia ya zamani bila kuleta ubishi. Hii ilitugharimu kazi kidogo kwa sababu aina ya picha zilizobanwa ambazo Mali-400 inazisoma, ETC1, haina sehemu ya uwazi, na kete ni ya duara, ukiichora bila uwazi inatokea na kiboksi cheusi pembeni. Ikabidi kila picha ya kete tuigawe mbili, moja ya rangi na nyingine ya kusema wapi paonekane na wapi pasionekane, halafu zinaunganishwa wakati wa kuchora. Kwenye simu hizo hutaona vivuli vinavyotembea kete zikimwagwa, kivuli kimechorwa tu kwenye ubao. Kete 64 zote zipo, nyumba ipo, namua na mtaji viko palepale. Simu ya yule dada tumeiwekea mbele yake na akacheza hadi akamfunga kijana wetu wa ofisini.

Tusichoweza ni simu za Android 4.4 kushuka chini, injini mpya haiwekeki kabisa kule, kwahiyo mwenye simu hiyo abaki na toleo la 14 na asiapdeti. Kama ulipata gemu kwa Xender, ingia Play Store uitafute na ubonyeze kuapdeti juu ya hiyohiyo uliyonayo bila kuifuta, rekodi zako zitabaki.

Ukiweka la 16 na bado ikajifunga, tutumie WhatsApp vitu vitatu, jina la modeli ya simu kama lilivyoandikwa kwenye "Kuhusu simu", namba ya Android, na utuambie kama uliuona ubao kabla haijajifunga au ulikuwa weusi tu. Hicho cha tatu msikisahau maana ndo kinatuambia tuanze kuangalia wapi.