Fedha iliyomo ina wenyewe

Uyole, Mbeya
14 Septemba

Ndugu yangu,

Salamu kutoka kwenye baridi. Barua yako imenifikia na nimefurahi kusikia shemeji amepata nafuu ya magoti. Umeniuliza jambo moja: kikundi chenu hapo Makambako kina shilingi 1,400,000 zimekaa tu, wanachama wanataka mnunue sufuria kubwa na vyombo vya kukodisha, na wewe mweka hazina unaona ni wazo zuri. Unataka ushauri wangu kwa kuwa mimi ni mtu wa duka. Duka ndilo lililonipoteza, kaka, ndiyo maana nakueleza yote.

Nilipochaguliwa mweka hazina wa chama chetu cha kusaidiana katika misiba, nilikuwa na miaka 66, na nusu ya hiyo nimeitumia nyuma ya kaunta. Tulikuwa wanachama 60, kila mmoja ada ya 5,000 kwa mwezi. Makisio niliyokabidhiwa yalikuwa ya ukurasa mmoja. Mapato ya mwaka 3,600,000. Matumizi: rambirambi 2,200,000, ukarabati wa turubai na vyombo 400,000, uendeshaji 200,000, akiba 800,000. Ile ya rambirambi ilitokana na misiba ya miaka iliyopita, yaani misiba miwili mikubwa ya mwanachama au mwenzi wake kwa 500,000 kila mmoja, na sita ya mzazi au mtoto kwa 200,000. Niliyasoma mara moja nikayaweka kwenye droo. Nilidhani ni karatasi ya kuwaridhisha watu wa mkutano.

Unajua dukani tunavyofanya. Hela ya sukari inanunua sabuni, hela ya sabuni inalipa kodi ya fremu. Huna haja ya kuandika, maana ukiinua macho unaiona rafu, na rafu ikipungua unajua hela imekwenda wapi. Chama hakina rafu. Mimi nilikuwa naangalia salio tu.

Mwanzoni mwa Juni salio lilikuwa 930,000. Tulianza mwaka na 150,000. Makusanyo sita ya kila mwezi yalileta 1,560,000, tukatoa rambirambi tatu ndogo za 600,000, tukashona turubai kwa 120,000, na vitu vidogo vidogo 60,000. Jirani mmoja mwenye stoo akaniambia anafunga biashara, ana viti 40 vya plastiki, atavitoa kwa 15,000 badala ya 18,000. Moyo wa muuza duka ukaruka. Nilipiga hesabu ya kukodisha viti kila arusi, nikaona hela itarudi kabla ya Krismasi. Mwenyekiti na katibu walisaini kwa kuniamini. Laki sita zikatoka, zikabaki 330,000. Viti ni vizuri, havijavunjika hata kimoja mpaka leo.

Siku tisa baadaye mume wa mwanachama wetu mmoja alifariki. Nilikwenda pale msibani jioni, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Kwenye bahasha nilikuwa na 300,000, nikijua nitakayoyasema: pokeeni hizi, nyingine mwezi ujao. Kijana wa ndugu wa marehemu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na moto, ameshika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Akaninyooshea ili nione walivyojipanga. Mstari wa kwanza juu kabisa, kwa kalamu ya bluu: *Chama 500,000*. Chini yake: *Jeneza 280,000. Gari mpaka Tukuyu 200,000. Baki 20,000, sukari na majani ya chai.* Fundi wa jeneza alikuwa ameshaanza kuranda mbao kwa maneno ya mstari ule wa kwanza. Dereva naye ameshakubaliana nao.

Kaka, sikuwa na mahali pa kuweka uso wangu. Ule mstari kwenye makisio yangu, nilioutia droo, huku ulikuwa umekuwa mstari kwenye hesabu ya mtu mwingine. Hawakuwa wameniuliza kama hela ipo, na kwa nini waniulize? Walitoa ada miaka minane.

Droo ya duka siku hiyo ilikuwa na 90,000, nikaileta yote kama mkopo wangu kwa familia. Haikutosha. Mjane akauza magunia manne ya viazi aliyokuwa ametunza kwa mbegu. Laki mbili za chama nilimpelekea Julai baada ya makusanyo, zimetimia, akazipokea kwa mikono miwili na kuniambia "ndaga", yaani asante. Lakini mbegu ilikuwa imeshaliwa mjini, na shamba lake la mabondeni mwaka ule alipanda nusu.

Usiku ule nilitoa makisio kwenye droo nikayasoma kama mkataba. Kosa la kwanza nililiona upande wa mapato. Karatasi inasema watu 60, lakini vitabu vyangu vinaonyesha wanaolipa ni 52. Kila mwezi 40,000 zilikuwa hazipo, na mimi sikuona kwa sababu salio halikuonyeshi kisichoingia. Kosa la pili ndilo kubwa. Ile 930,000 niliiita hela iliyokaa. Rambirambi ya mwaka ni 2,200,000, nimeshatoa 600,000, bado nadaiwa 1,600,000 na watu ambao hata wao hawajajua kwamba watafiwa. Hakukuwa na hata shilingi moja iliyokaa. Yote ilikuwa na wenyewe.

Mkutano wa Desemba niliwaeleza haya yote nimesimama. Tukakisia mapato kwa watu 50, yaani 3,000,000. Rambirambi hatukuigusa, turubai tukashusha hadi 300,000, uendeshaji 150,000, akiba 350,000. Mzee mmoja alitaka msiba mkubwa upandishwe uwe 700,000, watu wakapiga makofi. Nilimuuliza kwa heshima laki nne za nyongeza zitoke kifungu gani, na sikukaa mpaka tulipojibu wote kwamba hakuna. Afadhali laki tano inayofika kabla ya jeneza.

Sasa rambirambi ina akaunti yake. Haishuki chini ya 900,000, yaani msiba mkubwa mmoja na midogo miwili ikifuatana, isipokuwa kwa kulipa msiba wenyewe. Kuhamisha hela kutoka kifungu kimoja kwenda kingine ni kazi ya mkutano, saini zetu watatu hazitoshi. Na kila mwezi nasoma kwa sauti safu tatu: tulichokisia, kilichoingia au kutoka, na tofauti. Ukisikia tofauti ya mapato inakua miezi miwili mfululizo, itisha mkutano, usisubiri msiba. Mwaka wa misiba mingi bado unaweza kutuzidi, hilo nimewaambia. Hapo tutaomba mchango wa dharura mapema, hadharani.

Kwa hiyo kabla ya sufuria, chukua makisio yenu, toa yale mliyokwisha kulipa, uone mnadaiwa kiasi gani mpaka mwisho wa mwaka. Kikipita 1,400,000, sufuria zisubiri. Kisipopita, peleka kilichobaki mkutanoni.

Ukija kuchukua mbolea, njoo na kaunta buku lako tulipitie pamoja. Mama watoto anakusalimu sana, anasema safari hii usilale kwa watu.

Ni mimi ndugu yako,
wa dukani