Choo Laini Kisichotoka: Misuli ya Nyonga Inapokataa Kulegea

Wengi wanaofika katika kliniki yetu ndogo ya fiziotherapia hapa Mombasa huwa wameshamaliza dawa zote wanazozijua. Wamekunywa sanamaki iliyochemshwa usiku, wamekula mapapai, wamekunywa maji ya uvuguvugu alfajiri, na mwisho wamenunua dawa za kulainisha choo. Ndipo tunapowauliza swali ambalo pengine hawajawahi kuulizwa: choo kikishalainika, hutoka kwa urahisi? Anayejibu kuwa hata choo cha majimaji humtoa jasho msalani anatupa fununu kubwa, kwa sababu ugumu wa choo haumtoshi kuwa maelezo. Huenda choo kimefika mlangoni, na mlango ndio uliofungwa.

Mlango huo una sehemu mbili. Upo msuli wa duara unaoziba tundu la haja lenyewe, na juu yake kidogo upo mwingine uitwao puborektalisi, ambao ncha zake zimeshikizwa kwenye mfupa wa kinena mbele, nao ukapita kama kombeo nyuma ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Tukiwa tumeketi au tunatembea, kombeo hilo huivuta puru mbele na kuipinda kwa pembe ya karibu nyuzi 90, na mpindo huo husaidia kuzuia haja isitoke ovyo. Wakati wa kwenda haja, tumbo husukuma, kombeo hulegea, mpindo hunyooka, na msuli wa duara hufunguka. Kwa watu tunaowazungumzia hapa, tumbo husukuma lakini misuli hiyo ya chini haifunguki, au hukaza zaidi kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo kadiri mtu anavyojikamua kwa nguvu, ndivyo anavyozidi kujifungia.

Hawafanyi hivyo kwa kusudi. Mara nyingi mwili umejifunza vibaya kwa muda mrefu, baada ya maumivu ya mchaniko wa tundu la haja, au kwa mazoea ya kuizuia haja kila inapokuja. Na wapo ambao chanzo chao hakijulikani hata baada ya kuchunguzwa.

Mteja mmoja, aliyeturuhusu tueleze habari zake bila kumtaja jina, ni mama wa miaka 41 anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi huko Kisauni. Haja yake ilikuwa ikimjia saa kumi na moja alfajiri, wakati mafuta yako motoni na wateja wamesimama, naye akawa anaibana mpaka hamu inapotea. Alipokuja kwetu alikuwa akikaa msalani dakika 40, akitoka na hisia kwamba haja haijaisha, na siku nyingine akilazimika kujisaidia kwa kidole. Jambo hilo la kidole alilisema kwa sauti ya chini sana, baada ya mtaalamu wetu wa kike kufunga mlango. Ni jambo la kawaida katika tatizo hili, na tunaomba lisifichwe.

Daktari alikuwa ameshamchunguza kabla ya kumleta, na hatumpokei mtu bila hatua hiyo. Choo chenye damu, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, au mabadiliko ya haja yaliyoanza ukubwani ghafla huhitaji kipimo cha utumbo mpana kwanza.

Sisi tulianza na puto dogo laini, likaingizwa kwenye puru na kujazwa mililita 50 za maji ya uvuguvugu, kisha akaachwa peke yake kwenye kiti cha choo ajaribu kulitoa. Kwa kawaida mtu hulitoa ndani ya dakika moja. Yeye alikaa dakika tatu, na puto halikusogea.

Kikao cha kwanza cha bayofidibeki kilifuata juma lililofuata. Jina ni refu kuliko kazi yenyewe: ni kumwonyesha mtu kwa macho kile ambacho mwili wake unafanya bila yeye kuhisi. Mrija mwembamba kuliko kidole cha mwisho, wenye vipimo vya mgandamizo, huingizwa kwenye puru, na kwenye skrini hutokea mistari miwili: wa juu ni nguvu ya msukumo ndani ya puru, wa chini ni mkazo wa tundu.

“Dada, mashine hii itaniumiza?” aliuliza.

“Haikupigi umeme wala haikusukumi, mama. Inasoma tu.”

Alipoambiwa asukume kama yuko msalani, mistari yote miwili ilipanda. Mkazo wa tundu ulitoka 70 ukafika 94, kwa kipimo cha milimita za zebaki, ilhali ulipaswa kushuka kwa asilimia 20 au zaidi. Aliitazama skrini kimya, kisha akasema, “Kumbe ninafunga mwenyewe.”

Kuanzia hapo kazi ni ya mazoezi. Tulimwonyesha kwanza kupumua kwa tumbo mpaka kitovu kiinuke, kisha kusukuma kwa tumbo lililotanuka, bila kuziba pumzi wala kukaza makalio. Maneno “legeza nyonga” hayakumsaidia kitu, kwa kuwa hakuna anayejua nyonga inalegezwaje. Kilichomsaidia ni kuambiwa apulize pole pole kama anayewasha mkaa kwenye jiko, huku akiuacha mstari wa chini ushuke. Katika kikao cha pili ulishuka kidogo, ukapanda tena; kufikia cha nne ulikuwa ukishuka kila anaposukuma. Ndipo tukarudi kwenye puto, akajifunza kulitoa akiwa ameketi, nasi tukilivuta taratibu kumsaidia mara za mwanzo. Katika kikao cha sita skrini ilifunikwa, naye akalitoa ndani ya sekunde 40.

Vikao huwa kati ya vinne na sita, kila juma moja au mawili, cha dakika 45 hivi. Nyumbani aliweka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, maana choo chake ni cha kukaa, na akapanga kwenda haja baada ya chai, akiwa amemwachia binti yake karai. Akisukuma dakika tano bila mafanikio, huondoka. Mazoezi ya kubana ambayo kina mama hufundishwa baada ya kujifungua tulimsimamishia, kwani kwake yalikuwa yakizidisha kile kile tulichotaka kukiondoa.

Utafiti uliofanywa nchini Italia na kuchapishwa mwaka 2006 uliwafuata wagonjwa 109 wenye tatizo hili. Baada ya miezi sita, karibu wanne kati ya watano waliopewa bayofidibeki walikuwa wamepata nafuu kubwa, ikilinganishwa na mmoja kati ya watano waliotumia dawa ya kulainisha choo. Kwa hiyo wapo ambao haiwafai, na tunapendelea kuwaambia mapema. Mtu ambaye utumbo wake mzima husukuma choo polepole mno atahitaji tiba nyingine, na asiyeweza kufuata maelekezo, kwa mfano kwa sababu ya maradhi ya kusahau, hafaidiki. Nasi kama hatuoni mstari ukishuka hata kidogo kufikia kikao cha tatu, humrudisha mteja kwa daktari wake badala ya kuendelea kumtoza ada.

Katika mwezi wa Ramadhani tunapanga vikao baada ya futari, kwa kuwa wengi hawapendi kuingiziwa chochote mwilini wakiwa wamefunga. Kila mteja huhudumiwa na mtaalamu wa jinsia yake, na anaweza kuja na mwenzake wa kukaa naye chumbani. Siku ya kwanza tunaomba daftari la majuma mawili lenye siku za haja, dakika zilizotumika msalani na ulaini wa choo, pamoja na dawa zote zinazotumika, sanamaki ikiwemo.