Boti moja si lazima iwe ghali

Mhariri,

Wengi wetu wa Faza tunasema nauli ya kwenda Lamu ni ghali kwa sababu boti ni moja. Mimi sikubali. Boti si kisima, hung'oa nanga ikaenda kwingine. Tuseme nauli inayotosha mafuta, mabaharia na faida ya haki ni shilingi 300, na mwenye boti anatoza 450. Nahodha wa Shela anaweza kuja wiki hii kwa 350, apate chake, kisha arudi kwao bila hasara. Mwenyeji akilijua hilo hathubutu kufika 450, hata kama huyo wa Shela hajaja kamwe. Mwaka 1982 mwanauchumi William Baumol na wenzake walilieleza hili: kinachomlinda mnunuzi ni wepesi wa kuingia na kutoka, si wingi wa wauzaji.

Kwetu wepesi huo umezibwa. Mgeni hudaiwa kiingilio kabla ya kupakia abiria wa kwanza, na akiondoka harudishiwi. Tena akianza tu, mwenyeji hushusha nauli hadi 250 siku hiyo hiyo. Mgeni akikimbia, 450 inarudi. Nahodha mwenye hesabu zake haji tena, na mwenyeji hana wa kumwogopa.

Naomba wasimamizi wa gati wageuze kiingilio kiwe ada ndogo ya kila safari. Na anayeshusha nauli kumkabili mgeni, alazimike kuiacha hapo kwa miezi 6 hata mgeni akiondoka.

Msafiri wa kila wiki,
Faza, Lamu