Daftari la ugawaji wa sare na vitabu

Ndugu wanakamati,

Jana tulipolinganisha daftari na stoo, sketi za saizi 28 zilipungua mbili na za saizi 30 zikazidi mbili, ingawa jumla ilikuwa sahihi. Bila shaka wanafunzi wawili walibadilishiwa sketi baada ya wazazi kusaini, na mistari yao haikurekebishwa. Kwa hiyo kesho mwanafunzi ajaribu sare kwanza, saizi anayoondoka nayo iandikwe, ndipo mzazi asaini au aweke dole gumba. Akibadilisha baadaye, tukate saizi ya awali kwa mstari mmoja, ibaki ikisomeka, tuandike mpya pembeni, naye mzazi asaini tena. Vitabu viandikwe kwa namba ya kila nakala, kwa kuwa vitabu, tofauti na sare, vitarudishwa.